Asidi ya choo haiingii kwenye dramu

"Nafua kwa nyuzi 60 lakini maji yanabaki vuguvugu tu. Fundi kasema hita imeota magamba, nimwage asidi ya choo ndani ya dramu halafu jiki imalizie. Ni sawa? "

Weka hiyo chupa chini! Asidi ya choo ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, na gesi haiulizi nani alikutuma. Hata asidi peke yake usiimwage. Mimi niliimwaga, kwa ushauri wa fundi wa aina hiyohiyo.

Asidi ile ni haidrokloriki. Magamba iliyala kweli, nikajiona mhandisi. Kumbe nyuma ya dramu, usipopaona, kuna msalaba wa alumini unaoishikilia kwenye ekseli, na asidi haichagui kati ya chokaa na alumini. Baadaye mashine ikaanza kugonga wakati wa kukamua. Nikiinua dramu kwa mkono, inacheza. Nikasema beringi hizo. Ilipofunguliwa, beringi zilikuwa nzima. Mkono mmoja wa msalaba umejaa vishimo na unga wa kijivu, umekatika. Msalaba ulikuwa unauzwa pamoja na dramu yake, kwa bei iliyokaribia ya mashine mpya. Mshauri wangu akasema mashine za siku hizi hazina uimara, akaomba anunue chuma chakavu. Nilimuuzia, ningefanyaje?

Kinachoingia humo ni asidi ya sitriki ya unga, basi. Mashine ikiwa tupu, bila nguo wala sabuni, weka gramu 100 ndani ya dramu, endesha programu ya pamba nyuzi 60, kisha suuza mara moja zaidi. Usipandishe hadi 90: sitriki ikichemka sana na chokaa huweza kuacha utando mwingine mgumu. Ukimaliza fungua kichujio cha pampu, utakuta vipande vya magamba vimejikusanya.

Lakini fundi wako karuka jambo moja. Magamba pekee hayafanyi maji yapoe. Hita bado inatoa joto, ila yenyewe inapata moto kupita kiasi mpaka inaungua. Au kihisi joto kilicho pembeni yake kinafunikwa pamoja nayo, kinahisi moto wa hita kabla ya maji, na mashine inakata umeme mapema. Kwa hiyo chomoa plagi, toa nyaya za hita, pima kwa mita. Hita ya wati 2000 kwenye volti 230 husoma karibu omu 26. Mita isiposoma kitu, hita imekufa, na hakuna asidi itakayoifufua, nunua nyingine. Ikisoma sawa, fanya ile sitriki. Maji yakibaki vuguvugu hata baada ya hapo, badilisha kihisi.