Ukoo, mlango na lugha: maswali yenu kuhusu Wanyarwanda na Wasuba

Rafiki yangu wa Kigali anasema ukoo wao wa Abagesera una Wahutu na Watutsi. Inawezekanaje?

Ndivyo zilivyo koo kubwa za Rwanda: Abagesera, Abazigaba, Abasinga, Abega, hata Abanyiginya waliotoa wafalme. Wote wanasema Kinyarwanda, na ndani ya kila ukoo wamo Wahutu, Watutsi na Watwa. Mtoto hufuata ukoo wa baba, lakini ukoo huo haudai damu moja; Abagesera wawili waliokutana njiani kwa kawaida hawawezi kutaja babu wao wa pamoja. Ufalme ulipopanuka, wageni na watu waliotafuta ulinzi walijinasibisha na ukoo wa mkubwa wao, na wajukuu wao wakahesabiwa kuwa wa ukoo huo. Uhutu na Ututsi ulitegemea zaidi ng'ombe na ukaribu na utawala, na mtu aliweza kuhama, ingawa si kwa urahisi. Wabelgiji ndio waliozuia kuhama huko miaka ya 1930, walipoandika Uhutu au Ututsi wa mtu kwenye vitambulisho.

Kama ukoo si damu, una kazi gani?

Una mwiko wake wa mnyama (Abazigaba ni chui, Abega ni chura) na una utani. Abasinga, Abazigaba na Abagesera huhesabiwa kuwa ndio waliotangulia kwenye ardhi, kwa hiyo kimila watu wa koo nyingine huwaita wabariki kiwanja kipya cha nyumba au wasaidie kuondoa matanga. Kazi hiyo huwezi kujifanyia mwenyewe.

Basi ni nani hasa hurithi mali na kugombea madaraka?

Ni mlango, ambao Wanyarwanda huuita inzu, yaani nyumba: watu wa babu mmoja anayejulikana kwa jina. Mapinduzi ya Rucunshu ya mwaka 1896 husimuliwa kama ushindi wa Abega dhidi ya Abanyiginya. Usimulizi huo unapotosha. Walioshinda walikuwa Abakagara, watoto na wajukuu wa Rwakagara, wakiongozwa na malkia mama Kanjogera na kaka yake Kabare. Walimwangusha mfalme Rutarindwa wakamweka Musinga, mwana wa Kanjogera, ambaye kwa baba alikuwa Munyiginya vilevile. Mwega mkulima wa kilimani hakupata kiti kwa jina la ukoo wake.

Kwetu kisiwani Rusinga, Kenya, tunaongea Kijaluo, lakini wazee wanasema sisi ni Wasuba. Lipi ni kweli?

Yote mawili. Koo zenu za Kibantu zilitoka upande wa Buganda na Busoga. Wake wa Kijaluo, kisha shule na kanisa vilivyotumia Kijaluo, vilibadilisha lugha ya nyumbani, na Kisuba kikabaki na nguvu zaidi kisiwani Mfangano. Majina ya koo hayakuhama. Tom Mboya, ambaye wazazi wake walikuwa Wasuba wa Rusinga, alijulikana nchi nzima kama kiongozi wa Wajaluo, na hakuna aliyeona kasoro. Kwenye sensa Wasuba wana nafasi yao ya kuhesabiwa, kwa hiyo ndugu wawili wa mlango mmoja wanaweza kujibu tofauti.