Kupima mpachikano na ubobezi katika matriki ya maua na wachavushaji

Kwa wadogo zangu mnaoanza kuchambua data mlizokusanya mashambani Muheza na Pangani: thamani ya mpachikano peke yake haitoshi kuandikiwa matokeo. Ni lazima ilinganishwe na matriki za nasibu, na aina ya nasibu mtakayoichagua inaweza kuigeuza kabisa sentensi mtakayoiandika.

Katika matriki yetu kila safumlalo ni mmea, kila safuwima ni mdudu, na ndani ya kisanduku mna idadi ya mara ambazo mdudu huyo alionekana akigusa sehemu za uzazi za ua. Mtandao husemwa kuwa umepachikana iwapo wadudu wanaotembelea mmea wenye wageni wachache ni wale wale wanaotembelea pia mmea wenye wageni wengi. Kipimo cha NODF, chenye thamani kati ya 0 na 100, hukagua jambo hilo jozi kwa jozi. Tuseme mkorosho una aina tano za wageni na mmea wa maboga una tatu, na mbili kati ya hizo tatu hufika pia kwenye mkorosho: jozi hiyo hupata 66.7. Lakini mimea miwili yenye aina tatu kila mmoja hupata sifuri, hata kama wageni wao ni wale wale, kwa sababu kipimo hudai kwanza kwamba mmoja uwe na wageni wengi kuliko mwenzake. Ndiyo maana matriki iliyojaa wadudu walioonekana mara moja tu hushusha NODF: wote wana mmea mmoja, wote wanalingana.

Sasa tuje kwenye nasibu, ambako ndiko wengi hukwama.

```r
library(bipartite)
obs <- networklevel(web, index = "NODF")
nul <- nullmodel(web, N = 1000, method = "vaznull")
sim <- sapply(nul, networklevel, index = "NODF")
(obs - mean(sim)) / sd(sim)
```

Chukueni mfano wa kufundishia: NODF ya matriki yenu ni 34. Kwa `vaznull` wastani wa matriki za nasibu ni 33 na mkengeuko sanifu ni 4, hivyo z, yaani tofauti kati ya thamani yenu na wastani huo ikigawanywa kwa mkengeuko, ni 0.25. Kwa `r2dtable` wastani ni 52, mkengeuko ni 4 vilevile, na z inakuwa -4.5. Data ni ile ile, ila jibu la kwanza linasema mtandao haukupachikana kuliko inavyotarajiwa, na la pili linasema umepachikana pungufu sana. Tofauti inatoka hapa: `r2dtable` hutunza jumla za safumlalo na safuwima tu, kwa hiyo hutawanya ziara na kujaza visanduku vingi kuliko vilivyojazwa shambani, na matriki iliyojaa zaidi kwa kawaida huwa na NODF kubwa zaidi. `vaznull` hutunza idadi ya visanduku vilivyojazwa, ilhali jumla za safumlalo na safuwima huzikaribia tu. Kwa NODF mimi hutumia `vaznull`, na ningewashauri kila mara kulitaja jina la mbinu ndani ya sentensi ya matokeo yenyewe.

Kwa ubobezi, yaani kiasi ambacho spishi huchagua wenza wachache badala ya kuwatembelea wote, mambo ni kinyume. Kwa mtandao mzima hupimwa kwa H2'. Kipimo hicho, chenye thamani kutoka 0 hadi 1, kimejengwa juu ya jumla zile zile, kwa hiyo `r2dtable` ndiyo inayokifaa. Sentensi inaweza kuwa hivi: "Mtandao ulionyesha ubobezi mkubwa kuliko matriki za nasibu zenye jumla zile zile (H2' = 0.41; wastani wa nasibu 0.10; `r2dtable`, matriki 1000), ilhali mpachikano haukutofautiana na nasibu (NODF = 34; z = 0.25, `vaznull`)."

Kwa spishi mojamoja ubobezi hupimwa kwa d', nayo pia huenda kutoka 0 hadi 1, lakini inahitaji tahadhari zaidi. Mdudu aliyeonekana mara moja kwenye mkorosho wenye ziara nyingi hupata d' karibu na 0, na aliyeonekana mara moja kwenye mmea ambao hakuna mwingine aliyeutembelea hupata 1. Tabia yake halisi hatuijui katika hali zote mbili. Wekeni kiwango cha chini cha ziara, mathalani tano, kabla ya kumwita mdudu yeyote mbobezi, na mkiandike kiwango hicho. Kumbukeni pia kwamba `dfun(web)` hutoa d' za mimea. Za wadudu hupatikana kwa `dfun(t(web))`.

Lipo tatizo ambalo nasibu haiwezi kuliona. Mkorosho huchanua wakati wa kipupwe, ilhali maboga yaliyopandwa masika huwa yamekwisha kuchanua. Mkiunganisha data za misimu yote katika matriki moja, mdudu wa masika ataonekana kana kwamba aliukataa mkorosho, kumbe hawakukutana kabisa, na H2' itapanda kwa sababu ya kalenda. Tengenezeni matriki ya kila msimu, mpime H2' kwa kila moja, kisha muweke thamani hizo kando ya ile ya jumla. Ile ya jumla ikizidi zote, sehemu ya ubobezi huo huenda imetokana na majira ya kuchanua, na hilo liandikwe hapo hapo kwenye matokeo.