Siku ya 14 si ya kila mwanamke

Waulize wadada watano siku za hatari ni zipi, na wanne watakujibu "siku ya 14" bila hata kuuliza mzunguko wako una siku ngapi. Jibu hilo linamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 usioyumba, na wengi wetu hatuko hivyo.

Mimi huandika tarehe zangu kwenye kalenda ya ukutani tangu nilipoolewa, na shoga zangu wamezoea kuniletea zao. Ninaloanza kuwauliza ni hili: unahesabu kuanzia wapi? Siku ya kwanza ni ile damu inapoanza kutoka kweli. Matone machache ya kahawia ya siku iliyotangulia hayahesabiki, na siku damu inapokatika si mwanzo wa chochote. Ukianza tarehe 3 Machi na hedhi nyingine ikaja tarehe 30 Machi, mzunguko huo ulikuwa wa siku 27, kwa sababu tarehe 30 tayari ni siku ya kwanza ya mzunguko mpya.

Sasa kwa nini urefu unayumba? Yai likishatoka, hedhi hufuata baada ya wiki mbili hivi, na kipindi hicho hakibadiliki sana. Kinachorefuka au kufupika zaidi ni kile cha kabla yai halijatoka. Homa, safari, kukosa usingizi au mawazo mengi vinaweza kulichelewesha, kisha hedhi nayo ikachelewa. Ndiyo maana wastani unadanganya: unakupa tarehe moja nzuri ambayo huenda yai halijawahi kuifuata hata mwezi mmoja.

Nichukue kalenda ya wifi yangu, aliyekuwa anatafuta mtoto na amekubali niitumie. Mizunguko yake sita ilikuwa siku 28, 31, 27, 29, 33 na 28. Wastani wake ni kama siku 29, na programu ya simu ilimwekea alama siku ya 15. Lakini kwenye mzunguko wa siku 33, yai huenda lilitoka karibu na siku ya 19, yaani baada ya simu kumwambia mambo yamekwisha.

Hesabu ya kalenda haigusi wastani. Inachukua mzunguko mfupi kuliko yote na kutoa 18, kisha mrefu kuliko yote na kutoa 11. Kwake, 27 kutoa 18 ni 9, na 33 kutoa 11 ni 22. Siku zake za rutuba zikawa kuanzia ya 9 hadi ya 22. Hedhi ikianza tarehe 4 Mei, hiyo ni tarehe 12 hadi 25 Mei.

Alilalamika: "Wiki mbili nzima, dada?" Ndiyo. Yai lenyewe huishi siku moja tu au pungufu, na mbegu za kiume zinaweza kuishi mpaka siku tano, kwa hiyo katika mwezi mmoja siku zenye nafasi ni kama sita. Kalenda haijui ni sita zipi, inajua tu zimo humo ndani. Anayetafuta mtoto hahitaji kujichosha kila siku. Kukutana kila baada ya siku moja ndani ya kipindi hicho kunatosha, na akiona ute umekuwa mwepesi, unavutika na kuteleza kama ute wa yai bichi, asisubiri zamu.

Anayekwepa mimba ana kazi ngumu zaidi. Hiyo 18 inazipa mbegu siku chache kuliko zinavyoweza kuishi, ndiyo maana baadhi ya walimu wa njia hizi hutoa 20. Mimi nisingeitegemea kalenda peke yake bila kuangalia ute, na ndani ya siku hizo ni kondomu au kuacha kabisa. Aliyejifungua karibuni, anayenyonyesha au aliyetoka kwenye sindano za uzazi wa mpango asiitumie mpaka mizunguko irudi na aandike angalau sita mipya.

Kila hedhi mpya, ongeza namba yake na uondoe ya zamani kuliko zote. Wifi alipougua malaria, mzunguko ulifika siku 36. Alitaka kuufuta, nikamwambia auache na aandike "malaria" pembeni. Mwisho wa kipindi ukasogea hadi siku ya 25.

Ila kuna kalenda zisizohesabika. Mfupi ukiwa 24 na mrefu 40, unapata siku ya 6 hadi ya 29, yaani karibu mwezi mzima. Hapo peleka karatasi yako kwa daktari wa wanawake, kwa sababu huenda yai halitoki kila mwezi. Hata wenye mizunguko mizuri waende baada ya mwaka wa kutafuta bila mafanikio, au miezi sita kama umri umefika 35, na mume apimwe siku hiyohiyo.