Dar hadi Marangu Desemba: mafuta ya gari dhidi ya nauli za basi kwa familia ya watu watano

Swali: «Wakuu, tuko watano: mimi, mke na watoto watatu, wa mwisho ana miaka mitatu. Desemba tunataka kwenda kwetu Marangu tukitokea Dar. Nina Raum ya sisi 1500. Mke anasema basi ni nafuu, mimi nasema gari. Mafuta pamoja na tozo za barabara vitafika kiasi gani ukilinganisha na nauli zetu wote?»

Ndugu, safari hiyo hiyo nimeifanya kwa njia zote mbili, kwa basi Desemba 2023 na kwa gari Desemba 2024, nikiwa na familia yenye idadi kama yako na gari la ukubwa huo huo. Risiti za miaka yote miwili ninazo kwenye daftari, kwa hiyo nitakupa hesabu yangu jinsi ilivyotoka, nawe ubadilishe pale panapotofautiana na kwako.

Nianze na tozo, kwa kuwa ndiyo huwachanganya wengi. Kutoka Dar hadi Himo, pale unapochepukia kupanda Marangu, upite Chalinze au upite Bagamoyo na kutokea Msata, hakuna kizuizi utakachosimamishwa ulipie barabara. Mkazi wa Kigamboni atalipia daraja anapotoka nyumbani, basi. Hata hivyo barabara unailipia, ila malipo yake yamo ndani ya bei ya lita. Mwaka 2017 serikali ilipofuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ilihamishia mzigo huo kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 kwa lita, na katika bajeti ya 2023/24 ikaongeza tena shilingi 100 kwa lita, mbali na tozo zilizokuwapo tangu zamani. Mimi nilitumia lita 105.6 katika safari nzima, kwa hiyo nyongeza hizo mbili peke yake zilinigharimu karibu shilingi 14,800 bila kuona lango lolote. Usizijumlishe mara ya pili kwenye hesabu yako, maana EWURA inapotangaza bei kikomo kila mwezi, zimo tayari.

Sasa mafuta yenyewe. Kosa nililolifanya kabla ya safari, na ambalo nadhani nawe unalifanya, ni kuamini namba inayoonyeshwa kwenye dashibodi. Ya kwangu ilikuwa ikisema kilomita 15 kwa lita, nami nikapiga hesabu kwa namba hiyo na kujiona tajiri. Namna ya kuaminika ni kujaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, kurudisha kihesabu umbali kwenye sifuri, kisha kila unapojaza tena hadi ikate, kuandika lita zilizoingia. Lita hizo ndizo ulizochoma kweli. Nilijaza Kimara nilikoanzia, nikajaza tena Korogwe, na hesabu ya kwenda nikaifungia Himo, kabla ya kuanza kupanda mlima.

Kimara hadi Himo gari lilisoma kilomita 528 na likala lita 46, yaani kilomita 11.5 kwa lita, nikalipa kama 135,000. Wakati wa kurudi, umbali ukiwa ule ule, lilikula lita 40.6, yaani kilomita 13 kwa lita, nikalipa kama 119,000. Tofauti hiyo ya lita tano na ushei, karibu shilingi 16,000, ilitokana na mambo mawili ninayoweza kuyataja kwa uhakika. Tulipokwenda tulikuwa na mizigo juu ya keria, imefunikwa turubai lililokuwa likipigwa na upepo njia nzima, na mimi nilikuwa nikikimbilia 110 kila barabara ilipofunguka ili kufidia muda uliopotea kwenye vijiji vya 50. Kufika 110, kukanyaga breki hadi 50, kisha kupandisha tena hadi 110, mara kadhaa kati ya Mombo na Mwanga, hakuna njia bora zaidi ya kumwaga petroli. Tulivyorudi keria ilikuwa tupu, nami sikuvuka 90. Muda wa kufika ulitofautiana kwa chini ya dakika arobaini.

Sehemu ambayo watu huisahau kabisa ni mizunguko ya kijijini. Gari likishafika nyumbani halitalala uani siku nane. Litampeleka bibi kanisani, litashuka Moshi mjini kununua vitu, litakwenda kuhani msiba wa jirani, na kila shangazi atakumbuka kuwa lipo. Kwangu ilikuwa kilomita 180 kuanzia Himo hadi niliporudi hapo Himo, nazo zilikula lita 19, kwa sababu milima ile na gia ndogo hushusha ulaji hadi kilomita tisa na nusu kwa lita. Hiyo ni shilingi 56,000 nyingine. Jumla ya mafuta ikawa 310,000. Bei ya Himo ilizidi ya Dar kwa shilingi zisizofika mia kwa lita, kwa hiyo sioni sababu ya kubeba madumu kutoka mjini, sembuse hatari yake ukiwa na watoto ndani.

Juu ya mafuta niliongeza uchakavu, lakini ule tu unaotokana na kilomita zenyewe. Bima sikuihesabu kwa kuwa ningeilipa hata gari lingebaki limeegeshwa. Oili pamoja na chujio lake hunigharimu 90,000 kila kilomita 5,000, nayo ni shilingi 18 kwa kilomita. Matairi manne nilinunua kwa 560,000, nami hutarajia yanifikishe kilomita 40,000, nayo ni shilingi 14 kwa kilomita. Jumla ni shilingi 32, mara kilomita 1,236 za safari nzima, tunapata karibu 40,000. Hutaitoa fedha hiyo mfukoni siku ya safari, ila utaitoa kwa fundi mwezi Machi. Gari kwa ujumla: 350,000.

Upande wa basi. LATRA ndiyo inayoweka nauli kikomo kwa kila kilomita moja, na viwango vilivyoanza Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Dar hadi Moshi ni kilomita 560 hivi, kwa hiyo ukizidisha unapata karibu 27,000 kwa daraja la kawaida na karibu 38,000 kwa daraja la kati. Ukishukia Himo usitarajie punguzo. Kwenye ofisi niliyokatia tiketi Himo na Moshi zilikuwa nauli moja. Tulisafiri daraja la kati, tukalipia viti vinne kwenda na kurudi, 304,000, na mtoto mdogo tukampakata kwa zamu. Kutoka nyumbani hadi stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, tukiwa na mizigo, tulichukua bajaji mbili, na kwa safari zote mbili zilifika 20,000. Himo hadi kwetu tulikodi gari dogo kwa 20,000 kwenda na nyingine 20,000 kurudi, kwa sababu Haisi haikubali watu watano wenye mabegi saba bila manung'uniko. Bodaboda na Haisi za kuzunguka kijijini zilikula 36,000. Jumla: 400,000.

Kwa hiyo kwangu gari lilishinda kwa shilingi 50,000. Ni ushindi mwembamba, na nitakuonyesha jinsi unavyoweza kugeuka.

Kwanza, tungepanda daraja la kawaida, viti vinne vingekuwa 216,000 kwenda na kurudi, na jumla ya basi ingeshuka hadi 312,000, yaani mke wako angekuwa sahihi kwa 38,000. Ukitaka kushindana naye kwa haki, kwanza mkubaliane ni basi la daraja gani mnalolizungumzia. Pili, kila kiti cha daraja la kati ni 76,000 kwa safari nzima. Tungekuwa tunalipia viti vitatu tu, basi lingekuwa nafuu kwa 26,000 hivi, ilhali viti vitano vingelifanya gari liwe nafuu kwa zaidi ya laki moja. Kwa gari la ukubwa wa Raum, mpaka wa unafuu uko kati ya viti vitatu na vinne. Mwenye gari linalokunywa kilomita nane kwa lita asitumie mpaka huu. Kwake hata viti vinne vya daraja la kati huenda visitoshe.

Tatu, kuna gharama ambazo hazimo kwenye jedwali la mtu yeyote anayepanga safari. Nilipokuwa nakwenda, katika kijiji kimoja wilayani Same, nilipigwa tochi nikiwa 68 mahali pa 50. Kosa lilikuwa langu, alama niliiona nikiwa nimeshaipita. Faini ni 30,000, na hapo ushindi wangu wa 50,000 ukabaki 20,000. Ukihisi huwezi kuendesha peke yako kwa muda wa saa kumi na moja na ukaamua kulala Korogwe, chumba cha familia kitaumaliza huo uliobaki. Mimi tulipokezana na mke wangu, ndiyo maana hatukulala njiani.

Basi nalo lina mtego wake. Tiketi zetu nilizikata wiki tatu kabla. Ndugu yangu aliyesubiri hadi tarehe 22 Desemba alifika stendi akakuta mpiga debe anayemwambia viti vimebaki vinne tu, kwa 55,000 kila kimoja, huku tiketi aliyoandikiwa ikisoma nauli halali. Alilipa, kwa sababu watoto walikuwa wamekaa juu ya mabegi tangu saa kumi alfajiri. Kwa viti vinne hiyo ni 68,000 zaidi kwa safari ya kwenda pekee. Kwa mtu asiyeweza kupanga tarehe mapema, gari ndilo lenye gharama inayotabirika zaidi mwezi huo.

Kabla hujaamua, pima ulaji wa Raum yako kwa njia ya kujaza hadi pampu ikate, ukiwa na familia nzima ndani na kiyoyozi kimewashwa, hata kama ni Dar hadi Chalinze na kurudi. Ukipata chini ya kilomita 10.5 kwa lita, mwone fundi kwanza akague plagi na chujio la hewa, kwa maana kwa ulaji huo mafuta yangu ya barabarani yangeongezeka kwa zaidi ya shilingi 40,000. Na mtoto wako mdogo ana miaka mitatu, kwa hiyo kwa sasa atapakatwa. Wangu amefikisha mitano, na kondakta wa Desemba hii ameshaniambia kwamba atataka kiti chake.