Maziwa ya jioni yanakataliwa na ya asubuhi yanapita: tatizo liko kwenye saa tatu za kwanza

Swali: "Niko Mutuini, Dagoretti, nina ng'ombe watatu. Jioni napata kama lita 20, naweka mikebe kwenye friji mpaka asubuhi. Wiki hii yamekataliwa mara tatu kwenye kipimo cha pombe, na yalikuwa baridi kabisa! Ya asubuhi kutoka kwa ng'ombe haohao yanapita bila shida. Wanaonionea ni wapimaji ama ni friji?"

Ndugu, wapimaji waache. Kwa kuwa ya asubuhi yanapita, ng'ombe na chakula chao tuviweke kando kwa sasa. Ubaridi wa asubuhi nao usikudanganye. Unaonyesha kwamba maziwa yamepoa, lakini hauonyeshi yalipoa saa ngapi.

Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na joto la nyuzi 37 hivi. Yana kinga yake ya asili inayozuia bakteria wasizaane, lakini yakibaki na joto kinga hiyo hukaa saa mbili au tatu tu. Baada ya hapo, kwenye joto la nyuzi 30, idadi ya bakteria inaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa. Chukua maziwa yaliyoanza na bakteria 10,000 kwa mililita, ambayo ni maziwa safi. Wakizaana hivyo kwa saa nne, idadi imeongezeka maradufu mara nane na umefika milioni mbili na nusu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi kinataka daraja la kwanza liwe chini ya 200,000 kwa mililita, na daraja la tatu, la mwisho, linaishia milioni mbili. Ukiyapoza baada ya hapo hao bakteria hawafi. Wanasimama tu, pamoja na asidi waliyokwisha kutengeneza, na asidi hiyo ndiyo inayofanya maziwa yagande yakichanganywa na pombe.

Sasa friji. Friji ya nyumbani imeundwa kutunza kitu ambacho tayari ni baridi. Lita 20 za maziwa ya nyuzi 35 zina joto jingi. Kuzifikisha nyuzi 4 ni kuondoa kama kilojuli 2,500, na friji inayoondoa joto kwa wati 100 itahitaji karibu saa saba bila kupumzika. Zaidi ya saa tatu za mwanzo maziwa yatakuwa bado juu ya nyuzi 20. Hapo bado hatujahesabu mlango unaofunguliwa na watoto, wala stima kupotea. Pia hewa ya ndani ya friji hubeba joto polepole mno kuliko maji. Mkebe uliosimama kwenye hewa baridi hupoa pembeni, na katikati hubaki na uvuguvugu.

Dawa yake ni kuitumia friji mchana badala ya usiku. Igandishe barafu kwenye chupa za soda za lita mbili, kila moja ukiitia maji lita 1.8 ili isipasuke. Chupa nne ni kilo 7 na kidogo. Friji itachukua saa nane au tisa kuzigandisha, na hilo halikusumbui kwa sababu hakuna maziwa yanayoisubiri. Jioni ule ubaridi wote uko tayari unautoa kwa mkupuo. Uwe na chupa nane, nne zikitumika na nne zikiganda. Kama sehemu ya kugandishia haitoshi nne, barafu ya kununua ni ileile, ila iingie kwenye chupa au mfuko mzima.

Usianze na barafu lakini. Wengi hupoteza barafu yote kuondoa joto ambalo maji ya kawaida yangeliondoa bure. Fanya kwa awamu mbili.

Awamu ya kwanza ni maji. Kata pipa la lita 200 katikati, uliweke kivulini. Gawanya maziwa kwenye mikebe miwili ya lita 10 badala ya mmoja wa 20, kwa sababu mikebe midogo ina ukuta mwingi zaidi unaogusa maji. Isimamishe ndani ya pipa kisha ujaze maji mpaka yapite usawa wa maziwa kwa nje, bila kufika mdomo wa mkebe. Itakuwa kama lita 70 za maji. Yakiwa na nyuzi 17, maziwa na maji vitakutana karibu na nyuzi 21. Mwaga, jaza mengine ya nyuzi 17, na maziwa yatashuka hadi 18 hivi. Yale uliyomwaga wape ng'ombe wanywe. Ni maji safi yenye uvuguvugu kidogo, na kwa mgao wa maji wa Nairobi hakuna sababu ya kumwagia mtaro lita 70. Kama huna maji ya kubadilisha, lizungushie pipa gunia lenye unyevu, lakini ujue barafu itafanya kazi zaidi.

Hapa ndipo watu hukosea: hawakorogi. Maziwa yaliyotulia hupoa kwenye ukuta wa mkebe tu. Kila dakika tano, tumia kijiko kirefu cha chuma kisichoshika kutu, ulichokichemsha, ukoroge kutoka chini kuja juu kwa nusu dakika, polepole, bila kupiga povu. Mwiko wa mbao usiutumie kabisa, nyufa zake ni makazi ya bakteria. Mfuniko uuegeshe tu, usiukaze, mpaka maziwa yapoe. Ukikorogwa hivyo, mkebe wa lita 10 humaliza awamu hii ndani ya saa moja hivi. Usikisie kwa mkono, nunua kipimajoto cha kutumbukiza ukisafishe kila mara kabla ya kukitumia.

Awamu ya pili ni barafu. Hamishia mikebe kwenye chombo kidogo kinachoibana, chenye lita 20 tu za maji, halafu tia chupa nne katikati yake. Maji ni machache kwa makusudi, kwa kuwa kila lita ya ziada nayo inataka kupozwa. Kushusha maziwa kutoka 18 hadi 7 pamoja na hayo maji kunataka karibu kilo 5 za barafu, na zile kilo 2 zinazobaki ni za joto linaloingia kutoka nje. Koroga tena kila dakika tano. Ukianza kukamua saa kumi na moja jioni, lengo ni kuwa chini ya nyuzi 10 kabla ya saa mbili na nusu usiku. Hapo sasa ndipo mikebe iingie kwenye friji. Kama haitoshei, iache palepale, ongeza chupa mbili za akiba na ufunike kila kitu kwa blanketi kuukuu. Alfajiri pima tena. Ukikuta zaidi ya 10, ongeza chupa usiku unaofuata.

Barafu haiingii ndani ya maziwa hata kipande. Hayo ni maji, na laktomita itakuumbua asubuhi.

Kuna jambo moja litakaloweza kuharibu kazi hii yote, nalo ni mkebe. Maziwa mazuri yakiingia kwenye mkebe mchafu hayaanzi tena na bakteria 10,000. Kwanza, jerikeni za mafuta ya kupikia zitoe kabisa. Mkono hauingii kuzisugua, na Bodi ya Maziwa ya Kenya haizikubali. Tumia alumini, chuma kisichoshika kutu, au mikebe ya plastiki ya kiwango cha chakula yenye mdomo mpana. Mkebe ukirudi kutoka kituoni, usuuze papo hapo kwa maji baridi. Maji moto yakitangulia huyapika mabaki ya maziwa yakanata ukutani. Kisha sugua kwa brashi na maji moto yenye sabuni isiyo na manukato. Steelwuli hapana, kwa sababu hukwaruza, na kila mkwaruzo ni maficho. Chomoa mpira wa mfuniko uuoshe peke yake. Mkebe mwingi unaoonekana safi hunuka pale. Suuza, halafu mimina maji yaliyotoka kuchemka, au tumia klorini: dawa ya kung'arisha nguo isiyo na manukato yenye asilimia 3.5, mililita 60 kwa lita 10 za maji. Ikae dakika chache tu, kwani klorini hula alumini. Pindua mkebe juu ya kichanja cha mbao, ukauke juani ukiwa wazi.

Ujaribu hivi: alfajiri, kabla ya kukamua, fungua mkebe uunuse. Ukisikia harufu ya mgando, au ukipitisha kidole ukahisi utelezi au ugumu wa manjano kama chokaa, umepata mkosaji wa pili.

Asubuhi usichanganye. Lita 20 za nyuzi 6 ukizitilia lita 25 zilizotoka kukamuliwa zikiwa na 35, zote zinakuwa nyuzi 22, na bakteria waliolala usiku kucha wanaamka. Pia jioni zikiwa na kasoro, unapoteza lita 45 badala ya 20. Peleka mikebe tofauti na umwambie mpokeaji ipi ni ya lini. Kwenye bodaboda mkebe ujae karibu na shingo, maana maziwa yanayorukaruka njiani huanza kutoa siagi. Funika kwa gunia lenye unyevu, na chini ya mfuniko usiweke karatasi ya nailoni. Foleni ya barabarani ihesabu kama muda wa joto.

Ukifanya hayo kwa siku tatu na bado yanaganda, ndipo urudi kwa ng'ombe. Omba kituoni chupa ndogo ya pombe ya asilimia 68. Changanya mililita 2 za maziwa na 2 za pombe, tikisa, uangalie kama kuna chembe ukutani mwa kioo. Pima kila ng'ombe peke yake mara tu baada ya kukamua. Maziwa ya dakika kumi hayajapata muda wa kuchacha, kwa hiyo yakiganda hapo si suala la kupoza. Atakuwa amezaa juzi na bado anatoa dang'a, au ana ugonjwa wa kiwele, au anakaribia kukauka. Yakipita yote jioni na kukataliwa asubuhi, pima tena saa mbili na nusu usiku na alfajiri. Yakiganda usiku, angalia ukamuaji, mkebe na kasi ya kupoza. Yakiganda alfajiri tu, ubaridi haukushika usiku. Andika joto la kila kipimo pembeni.