Kukata rekodi ndefu kwa ajili ya Whisper: usikate kavu kavu

> "Nina rekodi ya mkutano wa saa 6. Nataka niikate vipande vya dakika 10 kwa ffmpeg -f segment, nivipitishe kimoja kimoja Whisper, halafu niunganishe maandishi. Nitumie mp3 au wav? Modeli ipi itatosha kwa RAM ya 8? Na wasemaji nitawatofautishaje?"

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo `-f segment` inakata kavu: kipande kimoja kikiisha, kingine kinaanzia palepale, na ikitokea mtu yuko katikati ya neno, shauri lake. Kuna jamaa wa video alituaminisha kwamba "neno moja moja likipotea si tatizo". Kwa lugha yake labda. Kiswahili ukanushi wetu unakaa mwanzoni mwa neno!

Mimi nilikuwa naandika muhtasari wa kikao cha ushirika. Mzee mmoja kasema: "Sisi wanachama hatutalipa deni hilo, deni hilo ni la bodi." Mkato ukaangukia katikati ya "hatutalipa". Kipande cha kwanza kikaishia "sisi wanachama", ile "ha" ikachukuliwa kama pumzi tu. Cha pili kikaanza "tutalipa deni hilo". Ukiviunganisha unapata sentensi safi kabisa, haina hata kovu, na imewatwisha wanachama deni. Katibu akaisoma mbele ya yule yule mzee. Tuseme tu kwamba chai ya siku hiyo sikuisubiri.

Kwa hiyo vipande vipandane. Kwanza geuza rekodi nzima iwe wav, ndipo ukate:

```
ffmpeg -i mkutano.mp3 -ac 1 -ar 16000 mkutano.wav
n=0
for s in $(seq 0 600 21599); do
  ffmpeg -nostdin -ss $s -t 620 -i mkutano.wav $(printf "k%03d.wav" $n)
  n=$((n+1))
done
```

Kila kipande kinaanza sekunde 600 baada ya mwenzake lakini kina urefu wa 620, kwa hiyo sekunde 20 za mwisho za kimoja ndizo 20 za mwanzo za kinachofuata. Saa 6 zinakupa vipande 36. Kisha:

```
whisper k000.wav --language sw --word_timestamps True --output_format json
```

Sasa hapa ndipo wengi wanazama mara ya pili, na yule jamaa wa video anahusika tena. Alisema utafute maneno yanayofanana kwenye ncha mbili, ufute yaliyojirudia. Rudi kwa mzee wetu: katamka "deni hilo" mara mbili mfululizo. Skripti ikashika la kwanza upande huu na la pili upande ule, ikameza "deni hilo" moja. Na hata watu wasiporudia maneno, Whisper inaweza kuandika "elfu hamsini" upande mmoja na "50,000" upande wa pili. Sauti ni moja, maandishi mawili, hakuna kinachofanana.

Unganisha kwa MUDA. Lile faili la json linakupa kila neno lilianza na kuisha sekunde ya ngapi. Nenda katikati ya zile sekunde 20, yaani karibu na 610 kwenye kipande cha kushoto, ambayo ni 10 kwenye cha kulia. Tafuta hapo jirani kimya kirefu kuliko vyote. Kwa mzee, baada ya "bodi" alivuta pumzi kuanzia 609.1 hadi 609.9. Mshono ni 609.5. Kushoto chukua maneno yaliyoisha kabla ya hapo, kulia yaliyoanza baada ya 9.5, mengine tupa bila huruma. Kisha ongeza 600 kwenye muda wa maneno yote ya k001, 1200 kwa k002, na kuendelea.

Kwa nini katikati? Kwa sababu ncha ndizo mbovu. Neno la mwisho la kipande halina kinacholifuata, la kwanza halina kilicholitangulia, modeli inabahatisha. Na kwa nini kimya? Kwa sababu nyakati za Whisper huyumba kidogo. Ukishona juu ya neno, linaweza kuhesabika pande zote mbili au lisihesabike popote. Kimya cha nusu sekunde kinameza huo uyumbaji.

Wakibishana kwa pamoja hutapata kimya. Hapo usiiamini skripti, weka spika za masikioni usikilize mshono huo mwenyewe. Mishono yote ni 35 tu, na kila mmoja unajua uko sekunde ya ngapi. Ukiona neno limejirudia au sentensi imegeuka ghafla kukubali kilichokuwa kinakataliwa, umepata pa kuanzia.

Modeli ya RAM ya 8, wasemaji sijui nini, waje wengine wakujibu. Wewe futa kwanza hiyo `-f segment`.