Atropini na misuli inayocheza

"Mgonjwa wa sumu ya kupulizia mikorosho: kifua kimekauka kwa atropini, ila misuli bado inacheza. Niongeze?"

Habari ndugu. Usiongeze kwa sababu ya misuli. Atropini inaziba vipokezi vya muskarini tu: mate, makohozi, tumbo, mapigo ya moyo. Misuli ya mwili inatumia vya nikotini, na huko atropini haifanyi kazi. Ukizidisha utapata homa, kuweweseka na tumbo lililonyamaza.

Angalia kwanza shingo. Mwambie ainue kichwa kwenye mto. Kijana mmoja wa Newala tulimpa miligramu 2, kila baada ya dakika 5 tukizidisha mara mbili: 2, 4, 8. Kifua kikawa safi, mapigo 96, tukashukuru Mungu. Siku ya pili kichwa hakikunyanyuka, na jioni pumzi ikawa fupi. Tulimpumulisha kwa mfuko wa mkono njia nzima ya rufaa.

Kwa hiyo shingo ikilegea, tafuta mashine ya kupumulia sasa hivi, msingoje abadilike rangi. Dawa ya pralidoksimu ikiwepo hulenga upande huo wa nikotini, lakini itolewe mapema, tena pamoja na atropini. Matokeo yake hayatabiriki, usiitegemee peke yake.